Jinsi ya Kuandika Tangazo la Haisi Iliyotumika: Servisi Ionekane, Ahadi Isizidi Gari

Tangazo linaandikwa hivi: "Haisi kali sana, injini haijaguswa, servisi kwa wakati, haina tatizo hata moja, ni kuwasha na kuingia barabarani." Simu zinaita siku mbili. Mnunuzi anakuja na fundi wake, fundi anafungua kifuniko cha oili, anauliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, muuzaji anaangalia pembeni. Biashara inafia hapo hapo. Au inakuwa mbaya zaidi: gari linanunuliwa, na wiki ya tatu linarudi yadi likivutwa kwa kamba.

Nimeandikia yadi matangazo ya Haisi kwa miaka kadhaa hapa Dar, na kosa ninaloulizwa kila mara ni hilo. Muuzaji anaamini kwamba uimara wa gari unasemwa kwa maneno makali. Mnunuzi wa Haisi ni mtu wa hesabu, analitaka gari limletee pesa kila jioni, na maneno makali ameshayasikia kwenye yadi tano kabla ya kufika kwako. Anachotafuta ni tarehe na kilometa.

Mwongozo huu unahusu Haisi ya dizeli yenye injini ya 1KD, kwa sababu ndiyo inayoleta ugomvi mwingi. Ukiwa na gari la petroli, hatua ni zile zile, ila suala la mkanda wa taimingi na injekta za dizeli halikuhusu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaandika neno

- Kadi ya gari, halisi, siyo picha ya simu.
- Karatasi za Japani kama zipo: cheti cha kusafirisha gari nje ya nchi na karatasi ya mnada.
- Stakabadhi zote za gereji na maduka ya vipuri, hata zilizokunjamana kwenye droo ya dashibodi.
- Fundi wa dizeli mwenye skana, kwa nusu siku, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa.
- Namba ya simu ya dereva aliyekuwa akiliendesha. Tajiri anajua alichokilipia, lakini kilichofanyika kweli anakijua suka.
- Daftari na kalamu.

Ukikosa stakabadhi, bado unaweza kuandika tangazo. Ila neno "servisi" halitakuwa mstari wako wa kwanza, na hatua ya 3 itakuonyesha namna ya kusema ulicho nacho.

## Hatua ya 1: Panga karatasi kwa tarehe na kilometa

Chora safu tatu: tarehe, kilometa, kilichofanyika. Anza na karatasi ya zamani kuliko zote, maliza na kilometa zinazosomeka leo. Kilometa zinatakiwa kupanda tu. Zikishuka mahali popote, simamisha kazi hadi ujue kwa nini, maana mita inaweza kuwa imebadilishwa au imerudishwa nyuma.

Nichukue gari moja nililoliandikia Februari 2025, nitakwenda nalo hadi mwisho. Ni Haisi KDH201 ya mwaka 2010. Cheti cha Japani kilionyesha kilometa 142,300, na liliingia nchini Februari 2020. Mita ilisoma 250,300. Kwa hiyo lilikuwa limetembea kilometa 108,000 kwa miaka mitano, likibeba wafanyakazi wa kiwanda asubuhi na jioni.

Mwenye gari aliniambia kwa uhakika kabisa: "Servisi kila kilometa 5,000, andika hivyo." Nikahesabu stakabadhi za oili. Zilikuwa 14. Kama kweli oili ilibadilishwa kila kilometa 5,000, zingetakiwa kuwa 21.

Sehemu ya zilizokosekana ilikuwa mahali pamoja. Kulikuwa na pengo moja kubwa, kutoka Juni 2022 (km 194,800) hadi Aprili 2023 (km 212,700). Hapo ndani hakukuwa na karatasi hata moja. Ukiliondoa pengo hilo la kilometa 17,900, zinabaki kilometa 90,100 kwa servisi 14, yaani wastani wa kama kilometa 6,400 kati ya servisi na servisi. Siyo mbaya kwa gari la kazi. Lakini siyo 5,000, na ningeandika 5,000, fundi yeyote mwenye kikokotoo angeniumbua.

Mambo matatu ya kuangalia unapopanga:

Risiti ya duka siyo servisi. Risiti ya galoni ya oili na filta inathibitisha kwamba vitu vilinunuliwa. Haithibitishi kwamba viliingia kwenye gari hili. Ziweke kando na za gereji.

Risiti za mashine ya EFD hufutika. Karatasi ile haipendi joto, na dashibodi ya gari la Dar ni jiko. Piga picha au toa kopi siku unapozipata. Nimewahi kubaki na bahasha ya karatasi nyeupe.

Vibandiko vya Japani vina miaka yao. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo. Mara nyingi kuna kibandiko cha oili chenye kitu kama H29.4.8. H ni Heisei: jumlisha 1988 upate mwaka, hivyo hiyo ni tarehe 8 Aprili 2017. Ukiona R, ni Reiwa, jumlisha 2018. Tahadhari moja: vibandiko vingi huandika servisi *inayofuata*, siyo iliyofanyika. Mtu asiyejua Kijapani apige picha amtumie anayejua, asikisie.

Utajua hatua hii imekamilika ukiweza kumwambia mtu, bila kutazama gari, ni kipindi gani huna karatasi zake.

## Hatua ya 2: Tafuta vitu viwili ambavyo fundi wa mnunuzi atauliza

Kwa 1KD, maswali ya kwanza ni mkanda wa taimingi na injekta. Tangazo lisilojibu hayo mawili ni kama halijaandikwa.

Mkanda, kwa magari yaliyotoka Japani, hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, valvu na pistoni hukutana, na hapo hesabu ni ya injini nzima. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayokumbusha. Usiitegemee kama ushahidi: taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na kuna mafundi wanaifanya kwa dakika mbili. Ushahidi ni stakabadhi, au kufungua kava na kutazama.

Kwenye gari letu stakabadhi ilikuwepo: Juni 2023, km 216,200. Ukijumlisha 100,000, mkanda unaofuata ni kwenye 316,200, hivyo mnunuzi anapata kama kilometa 66,000 mbele yake. Lakini karatasi iliandika "taimingi belti" peke yake. Nikampigia suka.

"Suka, pale mlipobadili mkanda, na rola yake ilibadilishwa?"

"Rola sikumbuki kaka. Nilikaa gereji siku nzima, mkanda niliuona mpya na boksi lake. Rola siwezi kukudanganya."

Basi tangazo liliandika mkanda, likasema rola haikutajwa. Mteja aliyekuja kulinunua gari alinunua na rola pia, akaondoka akijua.

Injekta mbili kati ya nne zilibadilishwa Julai 2024, km 237,500. Usiandike "injekta mpya". Msomaji ataelewa nne. Andika mbili, taja na lini.

## Hatua ya 3: Mwite fundi, kisha tenga kauli kwa chanzo chake

Fundi aje asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwenye yadi asiliwashe gari "kulipasha" kabla hajafika. Haisi yenye injekta zilizochoka hujificha ikishapata moto; ubaya wake huonekana kwenye kuwaka kwa kwanza, kwa moshi na mtetemo wa dakika za mwanzo.

Aangalie gari linavyowaka, afungue kifuniko cha oili injini ikiunguruma aone pumzi inayotoka, asome injekta kwa skana, ajaribu klachi kwenye mlima, apite chini kutafuta uvujaji, kutu na dalili za chesisi kuchomelewa. Aandike alichokiona kwenye nusu karatasi, atie tarehe na kilometa.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayobeba mwongozo mzima. Chukua kila unachotaka kusema kuhusu gari na ukiweke kwenye fungu moja kati ya matatu:

1. Karatasi inasema. Unaandika: "Tunazo stakabadhi za..." au "Kwa mujibu wa cheti cha Japani..."
2. Fundi ameona. Unaandika: "Ukaguzi wa tarehe fulani umeonyesha..."
3. Mwenye gari amesema. Unaandika: "Mmiliki ametueleza..." na unaachia hapo.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu kauli za fungu la tatu zikivaa nguo za fungu la kwanza, zinakuwa zako. Niliwahi kuandika "injini haijawahi kufunguliwa" kwa kuamini mdomo wa mwenye gari. Fundi wa mnunuzi aliinama, akapitisha kidole pembeni ya kava ya valvu, akaniletea kipande cha gundi nyekundu ya gasketi. Toyota hawakuipaka ile. Mnunuzi hakunitukana, alicheka tu, akaniuliza: "Na kilometa nazo ni za kweli kama hii injini?" Sikuwa na jibu. Kumbe kilometa zilikuwa sahihi kabisa, na karatasi ninazo.

Kuna na upande wa sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Tangazo lako ni maandishi, linabaki kwenye simu ya mteja hata ukilifuta kwenye yako.

Kauli isiyoingia fungu lolote, itupe.

## Hatua ya 4: Pitisha mkasi kwenye maneno haya

"Haina tatizo lolote." Hakuna fundi aliyefungua kila kitu. Andika kilichokaguliwa na kilichokutwa. "Fundi hajakuta uvujaji wa maji" ni kauli unayoweza kuisimamia. "Haivuji" ni ahadi ya kesho.

"Haijawahi kupata ajali." Huwezi kulijua hilo kwa gari lililozunguka Japani miaka kumi kabla ya kufika hapa. Kama una karatasi ya mnada, itaje na daraja lake; gari lenye R liliwahi kutengenezwa kwenye sehemu za muundo, na hilo uliseme. Kama huna, andika alichoona fundi: "Nguzo na chesisi hazionyeshi kuchomelewa. Mlango wa pembeni umepakwa rangi upya."

"Injini mpya." Kinachoitwa injini mpya mara nyingi ni injini iliyotumika kutoka Japani, iliyofungwa hapa. Ni jambo la kawaida, halina aibu. Andika "injini ilibadilishwa, iliyotumika kutoka Japani," pamoja na tarehe, na hakikisha namba ya injini kwenye kadi inalingana na iliyopo kwenye gari. Isipolingana, malizeni hilo kabla tangazo halijatoka.

"Haitakusumbua." Hili lifute bila kutafuta mbadala.

"Inalaza hesabu nzuri kila siku." Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndilo linalouza kuliko yote na ndilo linalorudisha watu wakiwa na hasira. Hesabu haitoki kwenye gari peke yake. Inatoka kwenye njia, suka, konda, bei ya dizeli na siku ambazo gari halikwenda gereji. Gari la kubeba wafanyakazi kwa mkataba halijawahi hata siku moja kulaza hesabu ya daladala, na huwezi kujua likiingia Mbagala litalaza ngapi. Kama mmiliki alikuwa na mkataba, sema kazi ilikuwa ya aina gani, maana hilo ni la kweli na lina maana: safari mbili kwa siku, viti havijazidishwa, injini haijakaa kwenye foleni ikinguruma toka alfajiri hadi usiku. Kiasi cha pesa usikitaje. Na usiandike "ina leseni ya njia" kana kwamba leseni inauzwa na gari. Mnunuzi atakwenda LATRA kuomba ya kwake.

Umefaulu hatua hii ukisoma tangazo kwa sauti mbele ya fundi wako na asikukatishe mahali popote.

## Hatua ya 5: Andika, kwa mpangilio wa maswali ya mnunuzi

Anza na gari ni lipi, kisha limetembea wapi, limehudumiwaje, fundi amekuta nini, kasoro, bei. Kasoro zikae *kabla* ya bei. Mtu akiona kasoro baada ya bei huhisi zilifichwa. Akiziona kabla, huipima bei akiwa anazijua.

Hili ndilo tangazo la gari letu kama lilivyotoka:

> Toyota Haisi KDH201, 2010, dizeli 1KD lita 3.0, gia za mkono, dari ya juu. Namba D.
>
> Iliingia nchini Februari 2020 ikiwa na kilometa 142,300. Cheti cha Japani kipo. Leo inasoma 250,300. Imekuwa na mmiliki mmoja hapa nchini, kadi ipo kwa jina lake. Kazi yake ilikuwa kubeba wafanyakazi, asubuhi na jioni.
>
> Tunazo stakabadhi 14 za gereji za kubadili oili na filta, kwa wastani wa kila kilometa 6,400. Kati ya Juni 2022 na Aprili 2023 (km 194,800 hadi 212,700) hatuna stakabadhi. Mmiliki ametueleza kwamba kipindi hicho ilihudumiwa na fundi wa mtaani.
>
> Mkanda wa taimingi ulibadilishwa Juni 2023, km 216,200. Risiti haitaji rola. Injekta 2 kati ya 4 zilibadilishwa Julai 2024, km 237,500.
>
> Ukaguzi wa tarehe 11 Februari 2025: imewaka ikiwa baridi bila kusumbua, skana haina kosa lililohifadhiwa, klachi inashika, fundi hajakuta uvujaji wa maji.
>
> Kasoro: unyevu wa oili kwenye kava ya valvu, shokapu za nyuma zimechoka, tairi 2 za mbele zimekaribia kuisha. Viti 15 vimefungwa hapa nchini. Mkanda mmoja wa kiti safu ya mwisho haufungi.
>
> Bei milioni 38, maongezi yapo. Hatutoi waranti. Njoo na fundi wako asubuhi, utaikuta haijawashwa.

Angalia mstari wa mwisho. Hauna sifa hata moja, ila ndio uliopigiwa simu nyingi. Yadi nyingi haziwezi kuuandika.

Kuhusu waranti: kama bosi wako anatoa, andika siku ngapi au kilometa ngapi, sehemu zipi, na nani analipa ufundi. "Waranti ipo" bila hayo matatu ni ugomvi unaosubiri tarehe. Na kama hamtoi, liseme kama lilivyo hapo juu.

## Hatua ya 6: Picha na majibu ya simu yalingane na maandishi

Piga mita ikiwa imewashwa na tarakimu zisomeke. Piga stakabadhi ya mkanda wa taimingi. Kabla hujaipandisha, funika jina, namba ya simu na anwani ya mmiliki; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe, na mmiliki hakukuuzia namba yake ya simu. Piga kasoro zote zilizotajwa, hasa shokapu na ule unyevu wa oili. Usiioshe injini kwa presha siku ya kupiga picha. Fundi akiona injini inang'aa kwenye gari la kilometa 250,000, anajiuliza kilichooshwa ni nini.

Kisha mpe kila anayepokea simu yadi nakala ya tangazo. Kosa la mwisho hutokea hapa: maandishi yamesema "wastani wa 6,400," halafu kijana wa mapokezi anamwambia mteja, "Hii bro servisi ilikuwa kila 5,000, haijawahi kuruka." Kazi yote ya daftari imekwisha kwa sentensi moja. Mteja akiuliza kitu kisichomo, jibu ni "Nimuulize fundi nikupigie," na umpigie kweli.

Dalili kwamba tangazo limekaa sawa ni aina ya maswali yanayoingia. Ukiulizwa "ina tatizo gani?" bado hujaeleweka. Ukiulizwa "huyo fundi wa mtaani wa 2022 alitumia oili gani?" huyo amesoma, na anakuja.

Gari likikaa yadi zaidi ya wiki tatu, rudia ukaguzi na ubadilishe tarehe. Betri hulala, breki hushika kutu, na kauli ya "imewaka ikiwa baridi" ilikuwa ya tarehe 11 Februari, siyo ya leo.